Mlangoni, Kwenye Kiti na Angani: Dua za Safari Katika Ukoo wa Dini Mbili

Upande wa baba yangu ni Waislamu. Upande wa mama ni Wakristo, na wengi wao ni Wakatoliki. Kwa hiyo tangu nikiwa mdogo, mtu wa kwetu akisafiri mbali huombewa mara mbili: kuna atakayenyanyua viganja na kuna atakayepiga ishara ya msalaba, na anayesafiri husimama katikati akisubiri wote wamalize. Nilipokuwa mtu mzima na kuanza kusafiri sana, kwa basi na kwa ndege, nikayasoma yale maneno moja moja badala ya kuyapitisha mdomoni tu. Hapo nikagundua kitu ambacho sikuwa nimekitarajia. Katika dini zote mbili, maneno yanayohusu ajali ni machache. Mengi yanamhusu mtu aliyebaki nyumbani, tabia ya msafiri akiwa njiani, na namna atakavyorudi. Halafu kila neno lina mahali pake: kuna la mlangoni, kuna la kwenye kiti, kuna la kupanda na kushuka, na kuna la kurejea.

Nieleze kwa safari moja, maana ndiyo iliyonifanya niyaelewe vizuri.

Binti wa mama yangu mdogo alikuwa amejifungua, yuko mbali sana na sisi. Mama mdogo alitaka kwenda kumwona mjukuu, akaomba nimsindikize. Tulipaswa kulala njiani ndani ya basi, tushuke alfajiri, halafu tupande ndege asubuhi hiyo hiyo. Sasa siku ya kuondoka, mwanangu wa mwisho akashikwa na homa tangu mchana. Tulimpeleka akapimwa, akapewa dawa, na mke wangu akasisitiza niende, kwani yeye yupo na mama yangu yupo. Nikakubali, lakini moyo ulibaki kwenye kile kitanda cha mtoto.

Tukiwa mlangoni, mke wangu akaniaga kwa maneno ya Kiislamu ambayo mwenye kubaki humwambia mwenye kuondoka: “Astaudi'ullaha diinaka, wa amaanataka, wa khawaatiima amalika.” Maana yake, namkabidhi Mwenyezi Mungu dini yako, na amana yako, na mwisho wa matendo yako. Abdullahi bin Umar alikuwa akimwambia mtu anayetaka kusafiri, njoo karibu nikuage kama Mtume, rehema na amani zimshukie, alivyokuwa akituaga, kisha humwambia maneno hayo. Yameandikwa na wakusanyaji wa hadithi Abu Daud na Tirmidhi.

Ukiyaangalia vizuri, mwili wa msafiri haumo. Mke wangu hakusema namkabidhi Mungu mifupa yako. Kilichotangulia ni dini, na mtu aliyesafiri sana anajua kwa nini. Safarini ndipo swala hupitwa na wakati kwa kuwa basi halisimami, ndipo ulimi hulegea kwa uchovu, ndipo mtu hujiona hayupo machoni pa wanaomjua. Amana imefuatia, na wanazuoni wameieleza kuwa ni pamoja na watu wake aliowaacha na mali aliyoweka au aliyobebeshwa. Mwisho umekuja mwisho wa matendo, kwa sababu msafiri hajui kama lile analolifanya sasa ndilo la mwisho.

Na msafiri naye ana jibu lake: “Astaudi'ukumullahalladhii laa tadhii'u wadaai'uhu.” Nawakabidhi kwa Mwenyezi Mungu ambaye amana zake hazipotei. Hii imepokewa na Abu Huraira, na imo katika Ibn Majah. Nilikuwa nimeisema mara nyingi kabla ya siku ile. Lakini kumwambia mama wa mtoto mwenye homa kwamba namkabidhi kwa Yule ambaye amana hazipotei mkononi mwake ni jambo lenye uzito wa peke yake. Nikaona kwamba ile dua ilitungwa kwa ajili ya mlango kama ule.

Mama mdogo alikuwa amekwishafika, ameketi na begi lake. Yeye ana desturi yake ya mlangoni. Husali Baba Yetu, halafu humwomba Mungu atume malaika Rafaeli njiani, kama alivyomtuma kwa Tobia. Habari hiyo imo katika kitabu cha Tobiti, ambacho Wakatoliki wanacho katika Biblia yao na Waprotestanti wengi hawanacho. Mzee Tobiti amepofuka, anamtuma mwanawe Tobia safari ndefu hadi Rage ya Umedi kuchukua fedha aliyoiweka kwa mtu. Kijana anatafuta mwenza wa safari, anampata mtu anayejiita Azaria, naye kumbe ni malaika Rafaeli. Baba anawabariki waende. Mama yake Tobia analia, anamlaumu mumewe kwa kumwachia mtoto aende kwa ajili ya fedha. Tobiti anambembeleza mkewe asiogope, malaika mwema atakwenda na kijana wao. Anayasema hayo bila kujua kwamba malaika mwenyewe ndiye huyo aliyesimama mbele yake muda si mrefu.

Mama mdogo hupenda sana sehemu ya yule mama anayelia. Usiku ule alimshika mke wangu mkono akamwambia, “Mwanangu, wewe ndiye unayebeba mzigo mkubwa. Sisi tunakwenda kukaa tu kwenye kiti.” Kisha akamwombea mtoto kabla hajajiombea mwenyewe. Alipomaliza alitaja jina la Yesu, kama imani yake inavyomwelekeza. Mimi katika hilo hunyamaza kwa heshima, naye hunyamaza ninaposoma yangu. Hatujawahi kulazimishana kuitikia.

Kuna picha nyingine ya kuagana ambayo Wakristo wangeweza kuitumia zaidi kuliko wanavyoitumia. Katika Matendo ya Mitume sura ya 21, Paulo na wenzake wanaondoka Tiro baada ya kukaa siku saba. Waumini wote, pamoja na wake zao na watoto wao, wanawasindikiza hadi nje ya mji, wanapiga magoti pwani na kuomba. Kisha hawa wanapanda merikebu na wale wanarudi makwao. Sura iliyotangulia, ya 20, ina wazee wa Efeso wanaolia wakimwangukia Paulo shingoni. Mwandishi hakuandika hata sentensi moja ya maombi yaliyosemwa pale pwani. Ametuachia magoti, watoto, na merikebu inayosubiri. Kwa hiyo ninapomwona mtu akihangaika kwamba hana maneno ya kumwombea msafiri, huwa namkumbusha sura hiyo.

Wakati wa kuvuka kizingiti Mwislamu husema: “Bismillaahi, tawakkaltu alallaahi, walaa haula walaa quwwata illaa billaah.” Kwa jina la Mwenyezi Mungu, nimemtegemea Mwenyezi Mungu, wala hapana hila wala nguvu ila kwa Mwenyezi Mungu. Hii ni ya kutoka nyumbani kila siku, hata ukienda jirani, na ndiyo maana haitoshi peke yake kwa safari.

Dua ya safari yenyewe ni ya kwenye kiti. Hapa ndipo wengi huchanganya, kwani husomwa nyumbani, sebuleni, pengine saa mbili kabla ya basi kuondoka, halafu ikifika zamu ya kiti mtu anachezea simu. Imamu Muslim amepokea kutoka kwa Ibn Umar kwamba Mtume alikuwa anapotulia juu ya ngamia wake akitoka kwenda safarini, hutoa takbira mara tatu, kisha husema:

“Subhaanalladhii sakh-khara lanaa haadhaa wamaa kunnaa lahu muqriniin, wa innaa ilaa Rabbinaa lamunqalibuun.”

Ametakasika Yule aliyetutiishia hiki, na sisi wenyewe tusingekiweza, na hakika kwa Mola wetu tutarejea. Ni maneno ya Kurani, Suratu Zukhruf, aya ya 13 na 14, na aya inayotangulia inataja majahazi na wanyama tunaowapanda. Aya yenyewe inasema mtakapokuwa mmetulia juu yake, mkumbuke neema ya Mola wenu na mseme. Basi kusubiri hadi ukae si pambo la desturi, ni agizo lililomo ndani ya aya.

Ustadhi aliyenifundisha alikuwa akitutaka tusimame kwenye kile kipande cha “tusingekiweza”. Alisema ngamia ana nguvu kukushinda na bado amekupigia magoti upande. Ukikaa kwenye basi, ile injini, zile breki, yule dereva usiyemjua jina, barabara yenyewe, hakuna hata kimoja ulicho na uwezo nacho. Abiria ni mtu aliyekaa ndani ya kitu asichokimudu. Kwa maoni yangu hii ndiyo sentensi inayomfaa zaidi mtu mwenye hofu ya ndege kuliko ahadi yoyote ya kwamba hakuna kitakachotokea. Inamwambia ukweli alio nao tayari moyoni, kisha inamtaja aliye na uwezo, kisha inamwambia kwamba marejeo yako kwa Mungu ni ya hakika, ufike au usifike.

Baada ya hapo dua huendelea. Tunakuomba katika safari yetu hii wema na uchamungu, na katika matendo yale unayoyaridhia. Ewe Mola, tusahilishie safari yetu hii na utukunjie umbali wake. Ewe Mola, Wewe ndiye Mwenza katika safari na Msimamizi wa ahali zetu tuliowaacha. Ewe Mola, najikinga kwako na mashaka ya safari, na mandhari ya kuhuzunisha, na marejeo mabaya katika mali na ahali.

Utingo alikuwa ameshafunga mlango, taa za ndani zimezimwa, na basi linapiga kona ya kutoka kituoni. Nilikuwa nimefika kwenye “Antas-swaahibu fis-safar, wal-khaliifatu fil-ahl.” Mwenza safarini, Msimamizi nyumbani. Binadamu hawezi kuwa yote mawili. Ukiwa kwenye kiti hupo kitandani pa mwanao, na ukikaa na mwanao humsindikizi mama mdogo. Mtu wa kukushika mkono njiani si yule atakayeamka usiku kupima joto la mtoto. Hapo dua inampa Mungu kazi zote mbili kwa pumzi moja. Niliirudia sentensi ile peke yake, taratibu, mpaka moyo ukatulia kiasi cha kuweza kufunga mkanda na kuegemea.

Na angalia yale matatu anayojikinga nayo msafiri. Mashaka ya safari ni uchovu, njaa, kukosa usingizi. Mtume mwenyewe amesema, katika hadithi ya Bukhari na Muslim, kwamba safari ni kipande cha adhabu, humnyima mtu chakula chake na kinywaji chake na usingizi wake, basi akimaliza haja yake afanye haraka kurudi kwa watu wake. Mandhari ya kuhuzunisha ni lile jambo utakaloliona likakuvunja, njiani au ukifika. Marejeo mabaya ni kurudi ukakuta nyumba si ile uliyoiacha: mtoto amezidiwa, mali imeondoka, au wewe mwenyewe umerudi mikono mitupu. Ajali inaweza kuingia popote katika hayo matatu, lakini haikutajwa kwa jina.

Ninalisema hilo kwa sababu nimekuwa ndani ya mabasi ambamo mtu husimama kuwaombea abiria, na kwa nia njema kabisa huanza kuorodhesha: tairi lisipasuke, breki zisikatike, lori lisitokee mbele, damu isimwagike. Watoto huanza kulia. Akina mama hushika viti. Mtu wa namna hiyo anaweza kutambua kosa kwa kutazama nyuso tu. Akishamaliza kuomba, watu wameogopa kuliko alivyowakuta. Maombi ya zamani ya dini zote mbili hayakujengwa hivyo.

Mama mdogo, kwenye kiti cha dirishani, alikuwa na Zaburi ya 121. Huijua kwa moyo na huisema kwa sauti ya chini sana, midomo ikicheza tu. “Nitayainua macho yangu niitazame milima, msaada wangu utatoka wapi?” Ni moja katika nyimbo za kupanda, zile zaburi 15 kuanzia ya 120 hadi ya 134, ambazo huhusishwa na mahujaji waliokuwa wakipanda kwenda Yerusalemu kwa sikukuu. Kwa hiyo ni zaburi ya watu wa njiani tangu mwanzo wake. Ina aya nane, na habari ya kulinda imetajwa humo mara sita.

Aya inayomgusa mtu wa basi la usiku ni ya 3 na ya 4: “Asisinzie akulindaye, naam, hatasinzia wala hatalala usingizi, yeye aliye mlinzi wa Israeli.” Aliposema aya hiyo, mama mdogo alielekeza kidevu mbele, kule alikokuwa dereva, akaninong'oneza, “Huyu akichoka, yupo asiyechoka.” Halafu akaongeza kitu ambacho nimekitunza: “Lakini na wewe usilale mapema. Mtazame.” Na kweli, katikati ya usiku alisikia basi linakanyaga ukingo wa barabara zaidi ya mara moja. Akaniamsha. Nikaenda mbele kumwambia utingo, naye akakubali wasimame dereva anawe uso na kupokezana na mwenzake aliyekuwa amelala kiti cha nyuma. Mama mdogo aliporudi kwenye zaburi yake hakuona mgongano wowote kati ya kuomba na kumshtaki dereva anayesinzia.

Waislamu tuna hadithi inayojulikana sana katika hilo, iliyo katika Tirmidhi: mtu alimuuliza Mtume kama amfunge ngamia wake na kutegemea, au amwache na kutegemea, akaambiwa amfunge na ategemee. Wakristo wana Ezra sura ya 8, ambayo naona haisomwi vya kutosha. Ezra anaongoza watu kutoka Babeli kwenda Yerusalemu wakiwa na watoto, fedha na dhahabu. Anatangaza mfungo penye mto Ahava ili waombe njia iliyonyoka, kwa ajili yao wenyewe, na watoto wao, na mali yao yote. Aliona haya kumwomba mfalme askari na wapanda farasi, kwa kuwa alikuwa amekwisha kumwambia kwamba mkono wa Mungu wao u juu ya wote wamtafutao. Mpaka hapo unaweza kudhani ni mtu wa imani tupu isiyojali tahadhari. Soma mbele. Mara baada ya mfungo anatenga wakuu wa makuhani kumi na wawili, anawapimia fedha na dhahabu kwa mizani, anawakabidhi. Wanafika, na siku ya nne vyote vinapimwa tena katika nyumba ya Mungu na uzani unaandikwa. Mtu aliyekataa askari hakukataa mizani.

Ndiyo maana simwelewi abiria anayesoma Zaburi ya 91, “atakuagizia malaika zake wakulinde katika njia zako zote”, huku ameuacha mkanda ukining'inia. Aya hiyo ndiyo Shetani aliyomsomea Yesu juu ya kinara cha hekalu akitaka ajitupe chini, katika Mathayo sura ya 4. Yesu akamjibu kwamba imeandikwa, usimjaribu Bwana Mungu wako. Basi zaburi ya ulinzi ina mpaka wake, na mpaka huo umewekwa ndani ya Injili yenyewe.

Alfajiri tukashuka. Nikaswali, nikapiga simu nyumbani. Homa ilikuwa imeshuka ila mtoto bado mnyonge. Tukaelekea uwanja wa ndege.

Ndege ina mambo yake ambayo basi halina. Unapanda, unakaa, halafu hakuna kinachotokea kwa muda mrefu: mizigo inapakiwa, mlango haujafungwa, mara kuna kusubiri zamu ya kuruka. Mimi hufuata utaratibu wa Ali bin Abi Twalib uliopokewa na Abu Daud na Tirmidhi, kwa sababu umegawanyika kwa hatua na unaingia vizuri kwenye ndege. Alipotia mguu kwenye kikuku cha mnyama alisema Bismillahi. Alipotulia mgongoni alisema Alhamdulillahi. Kisha ile aya ya Zukhruf, kisha Alhamdulillahi mara tatu, Allahu Akbar mara tatu, halafu akaomba: “Subhaanaka innii dhwalamtu nafsii faghfir lii, fa innahu laa yaghfirudh-dhunuuba illaa anta.” Umetakasika, hakika nimejidhulumu nafsi yangu, basi nisamehe, kwani hakuna anayesamehe madhambi ila Wewe. Kisha akacheka. Alipoulizwa kwa nini, akasema alimwona Mtume akifanya hivyo na kucheka, akaeleza kwamba Mola hupendezwa na mja wake anaposema nisamehe madhambi yangu, hali akijua kwamba hakuna mwingine wa kuyasamehe.

Nikikanyaga kizingiti cha ndege husema Bismillahi. Nikikaa na kufunga mkanda, Alhamdulillahi. Ile aya na dua ndefu huiweka ndege inapoanza kusogea, ili nisiimalize kisha nikae nusu saa nimeshaisahau. Yapo mashirika, Saudia likiwa mojawapo, ambayo husikilizisha abiria dua ya safari kabla ya kuruka, na hapo nafuata pamoja na sauti. Ni vizuri kuihifadhi kichwani. Simu ikishawekwa hali ya ndege, ukurasa uliotegemea kuufungua haufunguki, na wakati huo mikono inatetemeka.

Baada ya magurudumu kuacha ardhi kuna neno jingine ambalo wengi hawalitumii. Jabir bin Abdullahi amesema, katika Bukhari, kwamba tulikuwa tukipanda tunatoa takbira na tukishuka tunaleta tasbihi. Wao walikuwa wanapanda vilima na kushuka mabonde. Katika ndege, ule muda wa kukwea mpaka itulie ni wa Allahu Akbar, na wakati masikio yanaanza kuziba, karibu nusu saa kabla ya kutua, ni wa Subhanallah. Mtu aliye juu ya kila kitu akumbushwe kuwa kuna aliye Mkubwa zaidi. Anayeshuka amtakase Mungu na kila upungufu. Kwa mtu mwenye hofu, hii humpa ulimi kazi katika nyakati mbili zilizo ngumu kwake kuliko zote.

Mama mdogo hakuwa amewahi kupanda ndege. Ilipoinama kugeuka, alinishika kiwiko kwa nguvu. Akasema zaburi nyingine, ya 139: “Ningezitwaa mbawa za asubuhi, na kukaa pande za mwisho za bahari, huko nako mkono wako utaniongoza, na mkono wako wa kuume utanishika.” Tulikuwa kweli juu ya mawingu, kweli asubuhi, na bawa liko nje ya dirisha lake likimeta. Baadaye kidogo tukapita penye mtikisiko, sauti ikatangaza watu wabaki wamefunga mikanda, na yeye akaacha zaburi zote. Akabaki na maneno ya wanafunzi kwenye mashua, Marko sura ya 4: “Mwalimu, si kitu kwako kuwa tunaangamia?” Aliyasema mara kadhaa, wazi, hakujificha. Nikaona kwamba Biblia yake imemruhusu kuogopa mbele ya Mungu wake, na nikafurahi kwa ajili yake. Mimi nilikuwa kwenye ile ya Nuhu katika Suratu Hud, “Bismillaahi majraahaa wa mursaahaa”, kwa jina la Mwenyezi Mungu kwenda kwake na kutia nanga kwake. Mtikisiko ukapita.

Tulipofika na kupokelewa, kabla ya kulala nilisema, “A'uudhu bikalimaatillaahit-taammaati min sharri maa khalaqa,” najikinga kwa maneno ya Mwenyezi Mungu yaliyotimia na shari ya alivyoviumba. Hii ni ya kufikia mahali, kutoka kwa Khaula binti Hakim katika Sahihi Muslim, na huchukua pumzi moja tu.

Siku tuliyorudi ndipo niligundua jambo la vile vikaratasi vya dua vinavyogawiwa wasafiri. Vingi vimeunganisha maneno yote, na mtu huyasoma yote akienda. Lakini kipande cha mwisho ni cha kurudi tu. Ibn Umar amesema Mtume akirejea huyasema yale ya mwanzo na kuongeza: “Aayibuuna, taaibuuna, aabiduuna, lirabbinaa haamiduun.” Tunarejea, tunatubu, tunaabudu, Mola wetu tunamhimidi. Anas bin Malik anaongeza kwamba walipoukaribia mji wa Madina aliendelea kuyasema mpaka wakaingia. Ukiyasoma wakati unaondoka unasema kwamba unarejea nawe ndio kwanza unatoka.

Kuna adabu mbili za kurejea ninazozishika. Moja ni kuanza na msikiti. Kaab bin Malik amesimulia kwamba Mtume akirudi safarini alikuwa akianza na msikiti, akaswali rakaa mbili humo. Ya pili ni kutowaingilia watu wa nyumbani ghafla usiku, jambo ambalo Mtume alilikataza kama ilivyopokewa na Jabir. Kwa hiyo basi lilipokuwa bado mbali nilimpigia mke wangu kumwambia saa tutakayofika. Mtoto mwenyewe ndiye aliyechukua simu, akaniuliza nimemletea nini. Mama mdogo akaniomba nimpe azungumze naye, kisha akaniambia nimshushe kanisani kwake kwanza, maana Jumapili ile alitaka kuandikisha misa ya shukrani kabla ofisi ya parokia haijafungwa.